Mmoja dakika 50, mwingine 75: Nani kachoma kalori nyingi?

JAMAA wawili wanatoka jasho kwenye jimu moja ya mtaani, kila mmoja na jezi yake. Mmoja ni wa Wananchi, mwingine ni wa Mnyama. Wote wana kilo 70, wote wamepanda mashine ya kukimbilia, na wamewekeana dau: atakayechoma kalori chache kwenye kilomita 10 ananunua supu na chapati.

Wa Wananchi anaiweka mashine kilomita 12 kwa saa. Anamaliza kilomita 10 ndani ya dakika 50, anahema kama beki aliyepigwa chenga tatu. Kioo kinasoma kalori 761.

Wa Mnyama hana haraka. Anakwenda kilomita 8 kwa saa, anamaliza baada ya dakika 75, bado anaweza kuongea. Kioo chake kinasoma kalori 792.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Haiwezekani kaka! Mimi nimekufa pale juu, wewe ulikuwa unapiga stori," analalamika wa Wananchi. Mwenzake anacheka: "Mashine haina timu, mzee. Lipa supu."

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wameisoma mashine vibaya. Kwa hesabu ileile iliyotumiwa na mashine, mbio za yule wa dakika 50 na za yule wa dakika 75 zimewagharimu sawasawa: kalori 700 kila mmoja. Mechi ni sare. Kalori zilizozidi pale kwenye kioo hazikutoka kwenye mbio.

NAULI NA KODI YA NYUMBA

Kwanza tukubaliane jambo moja. Kalori inayoandikwa kwenye mashine, kwenye saa ya mkononi na kwenye mabano ya vyakula ni kilokalori. Humu tutaiita kalori tu, kama mtaani.

Mwili wako unatumia nguvu hata ukiwa umelala kwenye kochi unaangalia mpira. Moyo unapiga, mapafu yanafanya kazi, ubongo, ini na figo havipumziki. Kwa mtu mzima, gharama hiyo ni kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa. Mtu wa kilo 70 anatumia kama 70 na kitu kwa saa bila kunyanyua mguu. Hiyo ni kodi ya nyumba. Ulale, ukimbie, utazame mechi, mwenye nyumba anadai tu, na anadai kwa muda.

Kukimbia ni nauli. Nauli ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo haibadiliki kwa sababu dereva kakanyaga mafuta au kaenda polepole. Unalipia njia. Na mwili ndivyo unavyofanya kwenye mbio za ardhi tambarare: kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita.

Ukijumlisha nauli na kodi ya muda uliokuwa njiani, unapata kalori ghafi. Ukitoa kodi, inabaki nauli peke yake, na hizo ndizo kalori halisi. Ni kama mshahara: kuna ule ulioandikwa kwenye mkataba, na kuna ule unaouona benki baada ya makato.

Sasa turudi jimu. Mashine nyingi hutumia kanuni inayojulikana kwa walimu wa mazoezi: kila mita unayokimbia inahitaji mililita 0.2 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili, kisha inajumlishwa mililita 3.5 kwa kilo kwa kila dakika, ambayo ni oksijeni ya kupumzika. Lita moja ya oksijeni inachukuliwa kuwa ni kama kalori 5.

Kilomita 10 ni mita 10,000. Zidisha kwa 0.2, unapata mililita 2,000 kwa kilo. Zidisha kwa kilo 70, ni lita 140 za oksijeni. Mara 5, ni kalori 700. Angalia vizuri: kwenye hesabu hii hakuna mahali popote ambapo kasi imeingia. Dakika 50 au 75, jibu ni lilelile.

Kasi inaingia kwenye kodi. Aliyekaa juu ya mashine dakika 50 alilipa kodi ya kalori 61. Aliyekaa dakika 75 alilipa 92. Ndiyo maana kioo kikasema 761 kwa 792. Wa Mnyama "alishinda" kwa sababu alichelewa kumaliza, basi. Na zile dakika 25 ambazo wa Wananchi alikuwa ameshashuka, amekaa kwenye benchi anakunywa maji, mwili wake nao ulikuwa unalipa kodi ileile. Tofauti ni kwamba hakukuwa na kioo cha kumwandikia.

KWA NINI KASI HAIPANDISHI BEI?

Hapa ndipo wengi hukataa. Mtu anasema: nikikimbia kwa kasi nahema zaidi, moyo unapiga zaidi, jasho linanitoka zaidi, halafu uniambie kilomita ni bei moja?

Ndiyo, na vyote viwili ni kweli. Kuhema kunapima matumizi ya kila dakika. Anayekwenda kilomita 12 kwa saa anatumia kalori 14 halisi kwa dakika. Anayekwenda kilomita 8 anatumia kama 9 na kidogo. Ni tofauti kubwa, lazima uisikie kifuani. Ila wa kwanza anaimaliza kilomita kwa dakika 5, wa pili kwa dakika 7 na nusu. Piga hesabu, wote wametumia 70 kwa kilomita.

Jambo hili si geni. Mwaka 1963 Muitaliano Rodolfo Margaria na wenzake walichapisha vipimo vya watu waliokimbia wakiwa wanapimwa oksijeni, kwa kasi hadi zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Walipotoa gharama ya kupumzika, walikuta gharama ya kila kilomita haitegemei kasi, na ni kama kalori moja kwa kilo. Wanariadha walikuwa nafuu kidogo kuliko watu wa kawaida, lakini si kwa kiasi cha kutisha.

Sababu yake? Ukikimbia, kila hatua ni kuruka na kudakwa. Misuli ya paja na ndama kazi yake kubwa si kukusukuma mbele, bali kuushika mwili usianguke kila mguu unapogusa chini. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Rodger Kram na Richard Taylor, waliwapima wanyama wanaokimbia, kuanzia wadogo wa saizi ya panya hadi farasi wafupi aina ya poni. Walionyesha kwamba matumizi ya nguvu kwa kila sekunde yanapanda kadiri muda ambao mguu unakaa chini unavyopungua.

Ukienda polepole, mguu unakaa chini muda mrefu, na misuli inaweza kuvuta taratibu. Kuvuta taratibu ni nafuu. Ukiongeza kasi, mguu unagusa na kuondoka haraka, misuli lazima ikaze haraka zaidi, na nyuzi za misuli zinazokaza haraka zinakula zaidi kwa kila sekunde. Lakini sekunde zenyewe za kuushika mwili ndizo zimepungua. Bei ya sekunde imepanda, idadi ya sekunde imeshuka, na vinakatana karibu kabisa.

Halafu kuna msaada wa kano ya kisigino, ule mshipa mnene nyuma ya kifundo. Mguu ukigusa chini unavutika kama mpira wa manati, ukiondoka unarudisha sehemu ya nguvu ile bure. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kukimbia haraka kusiwe ghali kama ambavyo mtu angedhani.

SIMBU NA YULE WA SAA TANO

Tuipeleke hesabu hii kwenye marathoni. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hiyo ni wastani wa kilomita 19.5 kwa saa, kwa kilomita 42.195.

Chukua mtu mwingine anayeimaliza njia hiyohiyo kwa saa 5, kwa kukimbia polepole bila kutembea. Nauli ya kila kilo ya mwili ni kama kalori 42 kwa wote wawili. Bingwa analipa pungufu kidogo, kwa kuwa miaka ya mazoezi imemfanya asipoteze nguvu ovyo. Kodi ya bingwa kwa saa 2 na dakika chache ni kama kalori 2 kwa kilo. Ya mwenzake ni kama 5. Kwa kalori ghafi, yule wa saa 5 ametumia zaidi ya bingwa wa dunia.

Kwa hiyo kinachomtofautisha Simbu na sisi ni uwezo wa kulipa bili ileile ndani ya muda usiofika nusu ya wetu, na moyo na mapafu yanayoweza kupeleka oksijeni kwa kasi hiyo bila kukata pumzi. Ukubwa wa bili yenyewe ni uleule.

Kanuni hii ina mipaka yake. Kwenye kasi kubwa upepo unaanza kudai chake. Ndiyo maana Eliud Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, alizungukwa na kundi la wasindikizaji waliopangwa kumkinga na upepo. Mlima nao unapandisha bei, na mchanga vilevile. Watafiti wa Ubelgiji mwaka 1998 walipima kukimbia kwenye mchanga wakakuta ni kama mara 1.6 ya ardhi ngumu. Kilomita 5 za mchanga mkavu wa Koko Bichi ni kama 8 za lami.

VIPI KIUNGO ANAYEKIMBIA KILOMITA 11?

Hapa ndipo shabiki wa mpira anapotaka kufika. Takwimu za mechi zinaonyesha kiungo kakimbia kilomita 11. Ana kilo 70. Je, katumia kalori 770?

Hapana, ni zaidi, na si kwa sababu ya kasi kama kasi. Mchezaji hakimbii mwendo mmoja. Anaanza, anasimama, anageuka, anachomoka tena. Kila anapochomoka analipia kuupa mwili mwendo ambao haukuwa nao, na akifunga breki mwendo ule unapotea bure. Muitaliano mwingine, Pietro di Prampero, alionyesha kwamba kuchomoka kwenye ardhi tambarare kunaweza kuhesabiwa kama kupanda mlima. Kadiri unavyochomoka kwa nguvu, ndivyo mlima unavyokuwa mkali.

Mwaka 2010 yeye na wenzake walitumia hesabu hiyo kwa wachezaji wa ligi kuu ya Italia. Wastani ulikuwa karibu kilomita 11 kwa mechi, na gharama waliyokadiria ni kama kalori 14 na nusu kwa kilo. Kwa mchezaji wa kilo 70 hiyo ni kama 1,000. Sehemu ya nyongeza ni nyasi, ambazo ni ghali kuliko mashine au lami, na sehemu ni huko kuanza na kusimama.

Kwa hiyo wachezaji wawili wakionyeshwa kwenye luninga wote na kilomita 11, usiseme wamefanya kazi sawa. Kanuni ya bei moja kwa kilomita ni ya mwendo usiobadilika. Winga anayechomoka mara 40 na beki wa kati anayesogea na mstari wake wanaweza kuwa na kilomita zinazokaribiana na bili mbili tofauti kabisa.

PALE HESABU INAPOKUUMIZA

Unaweza kusema tofauti ya 61 na 92 ni ndogo, tuiache. Kwa mkimbiaji kweli ni ndogo. Soda ya chupa ya mililita 300 ina kama kalori 125, na kodi yote ya dakika 75 haifiki hapo. Tatizo kubwa liko kwa wanaotembea.

Tuseme kuna mchezaji wa veterani, kilo 70, goti linamsumbua. Ameamua kutembea kilomita 10 kila jioni, kwa saa 2, siku sita kwa wiki. Kutembea mwendo wa kawaida ni nafuu kama nusu ya kukimbia, kwa sababu mwili unabembea juu ya mguu ulionyooka kama pembe ya saa ya ukutani na hakuna kuruka. Nauli yake ni kama kalori 350.

Kioo cha mashine kitamwandikia kama 497. Hizo 147 za juu ni kodi ya saa 2, na ni karibu asilimia 30 ya kile anachokiona.

Sasa tazama anavyojikaanga. Amepiga hesabu kwamba mwili wake unahitaji kalori 2,300 kwa siku. Ndani ya zile 2,300 kodi ya saa 24 imeshahesabiwa, pamoja na yale masaa mawili ya jioni. Akijumlisha 497 za mashine, amehesabu kodi ya masaa yale mara mbili. Akiona "nimechoma 497, acha nile 497 nyingine," kila jioni anakula 147 ambazo hajazichoma. Kwa siku sita ni 882. Kilo moja ya mafuta ya mwili inahesabiwa kuwa na kama kalori 7,700. Baada ya wiki tisa, kosa hilo peke yake limefika thamani ya kilo nzima. Jamaa anatembea kila siku, mizani imegoma, na anaanza kusema mwili wake una tatizo. Mwili hauna tatizo lolote, kilichomponza ni kusoma ghafi akidhani ni halisi.

NAMNA YA KUIKAMATA MASHINE YAKO

Kuna jaribio ambalo halihitaji mtaalamu. Chukua kalori ilizosoma mashine au saa, gawanya kwa uzito wako, kisha gawanya kwa kilomita ulizokimbia.

Ukipata kama 1.0 kwenye mbio za tambarare, unaonyeshwa kalori halisi. Ukipata 1.1 au kidogo juu yake, ni ghafi. Wa Mnyama: 792 gawanya kwa 70, gawanya kwa 10, ni 1.13. Wa Wananchi ni 1.09. Zote ghafi. Kwa anayetembea mwendo wa kawaida, halisi ni kama 0.5 na ghafi ni kama 0.7.

Ukipata 1.3 au 1.5 kwenye lami tambarare, usishangilie. Mara nyingi ni kwamba mashine haikuulizwa uzito wako na inatumia wa mtu mwingine mzito zaidi. Na kama una tabia ya kushika vyuma vya pembeni, jua kwamba mikono inakubebea mwili, unatumia pungufu, na mashine haijui.

Saa nyingi za mkononi hutenganisha vitu hivi viwili. Palipoandikwa `Active` ni zile za juu ya kupumzika, palipoandikwa `Total` kodi imo ndani. Kama kifaa chako kina namba moja tu, toa mwenyewe: uzito wako mara idadi ya masaa. Kilo 80, nusu saa, toa 40. Imeisha.

Je, kasi haina maana basi? Inayo, kama ulichonacho ni muda. Mwenye saa moja tu kabla ya kwenda kazini akikimbia kilomita 12 anatumia 840 halisi, akikimbia 8 anatumia 560. Pia mbio za kasi zinajenga moyo na mapafu kwa namna ambayo za taratibu hazifanyi. Lakini kama ulichonacho ni njia, tuseme kutoka nyumbani hadi uwanjani na kurudi, nenda kwa mwendo ambao magoti yako yanaukubali. Hulipwi zaidi kwa kuumia.

Na lile dau? Baada ya kuoneshwa hesabu, wa Mnyama alibaki na hoja moja: kioo kilisema 792, na kioo ndicho refa. Mwenzake akamjibu kwamba hata refa siku hizi anaitwa kwenda kuangalia marudio. Waligawana bili ya supu nusu kwa nusu.